Barua kwa mama wa mboga baada ya mimi kukosea kilo

Jumanne ile, saa saba na dakika kumi mchana, mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaniinamia sikioni ili wateja wasisikie: "Papa, nyama imeisha." Sahani 25 zilikuwa zimeshatoka. Watu wengine 25 walikuwa wamekaa mezani, bugali imeshapakuliwa, mboga iko tayari, wanangoja nyama tu. Wote wanakuja kwa mkataba. Mwajiri wao ananilipa mwisho wa mwezi, na mimi nilikuwa nimeahidi kwa mkono wangu sahani 50 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi.

Tuliwakaangia mayai. Kisha nikafanya kosa la pili, ambalo ndilo limenifanya niandike haya. Nilimpigia simu mama anayetuletea mboga na nyama, nikamwambia kilo zake zimepungua. Sikusema "labda". Nilisema zimepungua.

Hakubishana kwenye simu. Jioni alishuka kutoka Mudaka kwa pikipiki, mizani yake ya kuning'iniza ndani ya kitambaa. Aliomba pakiti tano za sukari ambazo hazijafunguliwa, za kilo moja moja. Akazitundika kwenye mizani yake: tano. Akaziweka kwenye mizani yangu ya jikoni: tano. Akakunja kitambaa chake polepole, halafu akasema maneno ambayo mpishi wangu anayarudia hadi leo kila nikijifanya mjuzi: "Papa, mie naleta nyama yenye iko mu kilo. Sileti nyama yenye iko mu sahani."

Akapanda pikipiki akaenda. Mimi nikabaki na daftari.

Nieleze tulivyokuwa tunaagiza zamani. Resto yetu iko Ibanda, hapa Bukavu, ndogo tu, na kwa miaka mingi aliyekuwa anajua mahitaji ni mpishi. Alikuwa anasema "wiki hii vitunga viwili na kidogo", na vitunga viwili na kidogo vilitosha. Hakuna aliyemuuliza hicho kidogo ni kiasi gani. Mkataba ulipokuja nikaona mambo ya kukadiria kwa macho yamekwisha, sasa tufanye kwa hesabu. Nikamwita mpwa wangu, kijana anayejua kompyuta, tukatengeneza jedwali: kila chakula, gramu ngapi kwa sahani, sahani ngapi kwa wiki, na kiasi gani hupotea kwa kumenya, kuchambua, kutoa mifupa na kupika.

Huo upotevu tuliupima vizuri, sijisifu bure. Tulichukua kilo 8 za nyama ya ng'ombe jinsi ilivyofika, bega na paja pamoja na mifupa yake. Mpishi alitoa mifupa na mishipa migumu: kilo 2 zikaenda kwenye sufuria ya supu, kilo 6 zikabaki. Akazikatakata, akazipika taratibu mpaka zikalainika, tukatoa vipande bila mchuzi, tukaviacha vichuje, tukapima tena: kilo 4. Kwa hiyo katika kila kilo 8 ninazolipia, 4 ndizo zinazofika kwenye sahani. Upotevu ni asilimia 50. Lengalenga pia tuliipima. Fungu zenye uzito wa kilo 5, na mashina na mizizi yake, zilitoa kilo 3 za majani na ncha laini. Upotevu asilimia 40. Shu ilipoteza asilimia 20, majani ya nje na kile kigogo cha katikati. Vitunguu asilimia 10.

Vipimo hivyo vyote ni sahihi hadi leo. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja wa jedwali. Safu ya B ni kilo safi ninazohitaji, safu ya C ni upotevu, na sisi tuliandika hivi:

```
=B2+B2*C2
```

Yaani: chukua unachohitaji, ongeza juu yake kile kinachopotea. Ukisikia hivyo unaona ni akili ya kawaida kabisa. Nikihitaji kilo 20, halafu nusu yake inapotea, naongeza nusu, naagiza 30. Na ndivyo nilivyoagiza. Lakini ile nusu haipotei kwenye 20 zangu za mawazo, inapotea kwenye 30 zilizofika kwenye mizani. Nusu ya 30 ni 15. Nilikuwa nimenunua sahani 150 wakati nimeahidi sahani 200, maana nyama tunatoa siku nne kwa wiki, gramu 100 iliyoiva kwa kila mtu. (Ijumaa na Jumamosi ni sambaza wa ziwani. Huyo analiwa mzima, kichwa na mkia. Sambaza hajawahi kunitia katika matata.)

Nyama inafika mara mbili, Jumatatu na Jumatano, kilo 15 kila mara. Jumatatu mpishi alipika kilo 10 kama anavyojua, zikatoka sahani 50. Jumanne akabakiwa na kilo 5. Hizo ni sahani 25. Zile 25 zilizokosekana hazikuibiwa na mtu njiani kutoka Mudaka. Hazikuwahi kuagizwa.

Mstari wenyewe ungetakiwa kuwa hivi:

```
=B2/(1-C2)
```

Toa upotevu kwenye moja, upate kinachobaki, halafu gawa unachohitaji kwa hicho kinachobaki. Kwa nyama ni 20 kugawa kwa 0.5, jibu ni kilo 40.

Sasa, mtu atauliza: ina maana hamkujaribu jedwali kabla ya kulitumia? Tulijaribu. Na hapo ndipo penye uchungu. Tulilijaribu kwa vitunguu, kwa sababu vilikuwa karibu na ni rahisi kupima. Nahitaji kilo 9 za vitunguu vilivyomenywa kwa wiki. Jedwali likasema niagize 9.9. Tukanunua, tukamenya, tukapima: karibu kilo 9, inakosekana kama gramu 90, kitunguu kimoja. Tukapeana mikono. Tukajaribu shu: jedwali likasema 14.4 ili nipate 12 safi, zikatoka kilo 11 na nusu. Nikasema kisu cha mpishi kimekata vibaya. Jibu sahihi lilikuwa 15, na tofauti hiyo ya gramu 600 ni kishu kidogo kimoja ambacho muuzaji yeyote anakuongezea bila kufikiri.

Kosa hili hujificha pale upotevu unapokuwa mdogo. Kwenye vitunguu halionekani, kwenye shu unalisingizia kisu, kwenye lengalenga linaanza kukuuma, na kwenye nyama yenye mifupa linakuvua nguo mbele ya wateja. Sisi tulilipima pale pale lilipojificha, tukalipatia cheti, halafu tukalipeleka kwenye nyama.

Lengalenga ilikuwa imeshaanza kusema, ila sikuisikiliza. Nilihitaji kilo 15 za majani safi kwa wiki, sahani 150, gramu 100 kila moja. Jedwali lilisema 21. Kilo 21 zikichambuliwa zinatoa 12.6, yaani watu 24 kwa wiki, wanane kila siku ya lengalenga, wanakosa mboga. Mpishi alikuwa anafinya kijiko kimya kimya ili wote wapate. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu kwamba niliisifu sana ile kompyuta.

Mpwa wangu alipoona mstari mpya akataka kuurekebisha zaidi. Alisema nyama ina upotevu wa aina mbili, robo kwa mifupa na theluthi kwa kupika, kwa hiyo tujumlishe 25 na 33, tupate 58. Nikamwambia ngoja, tusitoke shimo moja tuingie lingine. Theluthi ya kupika haitoki kwenye kilo 8 zilizofika, inatoka kwenye 6 zilizobaki baada ya mifupa. Nane, sita, nne. Nusu imepotea, siyo asilimia 58. Tungemfuata yeye tungeagiza karibu kilo 48, na kilo nane za nyama ya ziada katika mji ambao umeme unakatika wakati wowote si akiba. Ni harufu.

Usiku wa Jumamosi nikakaa kuandika barua. Ningeweza kupiga simu, lakini matusi niliyotoa kwa simu nilitaka kuyafuta kwa karatasi, tena karatasi yenye namba ambazo yeye mwenyewe anaweza kuzishika na kunionyesha siku nikisahau. Naiweka hapa jinsi ilivyokuwa, nimeondoa jina lake tu.

"Mama,

Jambo, na habari ya nyumbani. Nakuomba radhi kwa yale niliyokuambia Jumanne. Kilo zako zilikuwa sawa. Kosa ni langu, liko kwenye daftari langu, na nimeshaliona.

Nilikuwa nahesabu kile kinachopotea jikoni kana kwamba kinapotea kwenye chakula kilichokwisha kuiva, kumbe kinapotea kwenye kile unachopima wewe. Ukinipa kilo 8 za nyama na mifupa yake, mimi napata 6 bila mifupa na 4 zikiiva. Ninahitaji 20 zilizoiva kwa wiki. Kwa hiyo nakuomba kilo 40, siyo 30 kama nilivyoandika mwanzo.

Oda ya kila wiki kuanzia Jumatatu hii ni hii. Nyama ya ng'ombe kilo 20 Jumatatu na kilo 20 Jumatano, badala ya 15 na 15. Lengalenga kilo 25 badala ya 21: kilo 8 na nusu Jumatatu, na kilo 16 na nusu Jumatano, maana hiyo ya Jumatano inabeba na Ijumaa. Shu kilo 15 badala ya 14 na nusu. Vitunguu vibaki kilo 10, hivyo havikuwa na shida.

Naomba mambo mawili. La kwanza, nyama iwe bega na paja kama siku zote. Hesabu yangu nimeipima kwa bega na paja. Siku wakikupa mbavu au shingo, mifupa itakuwa mingi zaidi na kilo 20 hazitatosha. Usikatae nyama, lakini nipigie simu kabla hujalipa, tuongeze kilo au tubadilishe chakula cha siku hiyo. La pili, shu tuzipime kwa kilo hata kama sokoni wanaziuza kwa kichwa, maana kichwa cha shu cha mwezi huu siyo kichwa cha mwezi ujao.

Tofauti ya bei ya wiki hii nitailipa Jumatatu mkononi, kabla hujashusha mzigo. Najua kilo 10 zaidi za nyama unazilipa wewe kwanza, na sitaki zikukae shingoni mpaka mwisho wa mwezi.

Mizani yangu na yako ziko sawa, sukari imeshuhudia.

Ni mimi, wa resto."

Tofauti hiyo ya bei ndiyo iliyoninyima usingizi, zaidi hata ya zile sahani 25. Kwa sababu jedwali lililonidanganya kwenye oda ndilo nililotumia kupanga bei ya mkataba. Niliamini sahani moja inakula gramu 150 za nyama ya kununua. Inakula 200. Tuseme, kwa hesabu tu, kilo ya nyama yenye mifupa ni franka 12,000. Niliandika franka 1,800 za nyama kwa sahani, ukweli ni 2,400. Franka 600 zinaonekana ndogo mpaka uzizidishe kwa sahani 200: ni 120,000 kila wiki zinazotoka mfukoni mwangu, na bei ya mkataba imeshasainiwa mpaka muda wake uishe. Hapo sina wa kumlaumu, na hakuna mizani ya kuning'iniza itakayonisaidia. Nilichoweza kufanya ni kuuza supu ya mifupa asubuhi, kitu ambacho zamani tulikuwa tunawagawia wafanyakazi. Kilo 10 za mifupa kwa wiki siyo kidogo. Haizibi shimo lote, lakini inaziba kipande.

Swali la nyama isiyo na mifupa nimelifikiria pia. Kwa bei ile ile ya mfano, kilo yenye mifupa ikinipa gramu 750 za nyama, basi kilo moja ya nyama tupu inanigharimu 12,000 kugawa kwa 0.75, yaani 16,000. Mtu akiniletea nyama tupu chini ya hapo, naokoa pesa na muda wa mpishi. Akiniletea juu ya hapo, nanunua na mifupa, nauza supu. Tangu nianze supu, hata 16,000 kamili siitaki tena, maana mifupa imekuwa na thamani yake. Hiyo ni namba ninayotembea nayo kichwani kila nikipita sokoni Kadutu, na wauza nyama wameshaanza kuniona mtu mgumu.

Majibu ya barua yalikuja Jumatatu alfajiri, pamoja na mzigo. Binti yake alikuwa amemsomea, na yeye alikuwa ameikunja ndani ya kitambaa kile kile cha mizani. Hakuizungumzia radhi. Alianza na lengalenga.

"Papa, hii ya Ijumaa, nani alikuambia ikae siku mbili?" Akanieleza kwa uvumilivu mtu anaoutumia kwa mtoto wa mjini. Lengalenga iliyovunwa Jumatano asubuhi, ikikaa jikoni mpaka Ijumaa, inanyauka na majani ya chini yanageuka njano. Mpishi atayatupa. Kwa hiyo ile kilo 3 katika 5 niliyoipima ilikuwa ya majani ya siku hiyo hiyo. Ya Ijumaa inatoa pungufu, pengine 2 na nusu, na hesabu yangu mpya ingekufa Ijumaa kama ya zamani ilivyokufa Jumanne. Alichosema ni kweli tupu. Nilikuwa nimepima mara moja, siku ya Jumatatu, nikaichukua namba ya Jumatatu nikaivisha wiki nzima. Tulikubaliana alete mara tatu: kilo 8 na kidogo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Safari ya Ijumaa ataifanya kijana wa pikipiki peke yake, nauli tunagawana.

Kisha akaniuliza kama nataka akate mizizi huko huko shambani. Bei ya kilo ingepanda kidogo, lakini nisingelipia udongo. Nilikaribia kusema ndiyo, mpishi akanitazama. Nikikubali, upotevu wangu siyo asilimia 40 tena, na nikiagiza 25 nitabaki na majani ya kutupa. Nikamwambia alete fungu kumi hivyo wiki ijayo, tupime kwanza, halafu tuzungumze. Akacheka. "Sasa unaanza kujifunza."

Jambo la mwisho lilikuwa maji. Tuko katika mvua, na lengalenga inayovunwa asubuhi na mvua inafika imelowa. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja, ingawa maji hayo yanampa faida yeye. Alichukua fungu moja, akalikung'uta mara tatu mlangoni, matone yakaruka mpaka kwenye viatu vyangu, ndipo akalitundika. Tukakubaliana: kung'uta kwanza, kupima baadaye, mvua au jua.

Jumanne tulipika kilo 10 za pili. Mpishi alipima vipande vilivyoiva bila mimi kumwambia, akaniita nione: kilo 5 na gramu kama mia moja hivi. Sahani 50 zikatoka, ikabaki moja. Saa nane nilikuwa nimekaa nyuma ya jikoni naila hiyo moja.

Jumatano alipomaliza kupima mzigo wote, na mimi nikiwa bado nainama kwenye daftari kuandika, alichomoa fungu moja la lengalenga kwenye kitunga, akaliweka juu ya yale mengine. Nikaulizia kilo zake.

"Hii ni matabishi," akasema. "Usiiandike mu kitabu."